Pesa za Nyumbani na Ada Isiyoonekana

Kampuni inayotangaza kwamba inatuma pesa Kenya bila ada huenda haisemi uongo. Chake inakichukua mahali pengine, kwenye kiwango cha kubadilishia pauni kuwa shilingi, na huko wateja wengi hawaangalii.

Tuseme muuguzi Mkenya anayefanya kazi Leicester, Uingereza, ametenga pauni 200 za kumpelekea mama yake Machakos. Kwa urahisi wa hesabu, siku hiyo pauni moja inauzwa baina ya benki zenyewe kwa bei ya kati ya shilingi 170. Kama pesa zingefika bila kuguswa na mtu, mama angepata shilingi 34,000. Hiyo ndiyo namba ya kushika kichwani, kwa sababu kila kinachopungua hapo ni gharama, wakiiita ada au wasiiite.

Kampuni ya kwanza, ile ya “bila ada”, inanunua pauni yake kwa shilingi 164. Mama anapata 32,800. Kampuni ya pili inatoza pauni 2.50 waziwazi, kisha inabadilisha zilizobaki kwa 169.50, na mama anapata zaidi kidogo ya 33,470. Yenye ada imeshinda ile isiyo na ada kwa karibu shilingi 670. Benki yake, nayo, inakata pauni 15 na kubadilisha kwa 166. Zinabaki shilingi 30,710, na benki inayopokea Kenya ikikata 1,000 yake, mama anaambulia 29,710.

Kwa hiyo swali la maana kumuuliza wakala au kutafuta kwenye simu ni moja: nikitoa pauni 200 mfukoni, zitafika shilingi ngapi? Ulinganisho ufanywe saa ileile, kwa maana viwango hupanda na kushuka mchana kutwa. Tena mteja ajihadhari na utamu wa mara ya kwanza. Kampuni nyingi humpa mgeni kiwango kizuri mno, halafu mwezi wa pili kikashuka kimyakimya.

Mambo hugeuka kiasi kikiwa kikubwa. Muuguzi huyohuyo akituma pauni 3,000 za kulipia kiwanja, kiwango cha 164 kinamla shilingi 18,000. Benki, ambayo ada yake bado ni pauni 15 zilezile, inamgharimu takriban 15,500. Benki iliyokuwa ya mwisho sasa imeipita kampuni ya “bila ada”, kwa sababu ada isiyobadilika huumiza kiasi kidogo, na kiwango kibaya hukua pamoja na pesa.

Kuhusu kasi, inasaidia kujua kwamba pesa hizo mara nyingi hazisafiri. Kampuni ya kutuma pesa huwa imekwisha kuweka shilingi zake Kenya. Inapopokea pauni Leicester, inaagiza shilingi hizo ziingizwe kwenye M-Pesa ya mama, na ujumbe unaweza kulia ndani ya dakika chache. Benki hupitisha maagizo yake kwenye mtandao wa SWIFT, na kama benki hizo mbili hazina akaunti baina yao, huhitajika benki ya tatu katikati. Kila kituo kinaweza kuongeza siku, na pengine makato. Ndiyo maana fomu ya benki huuliza nani abebe gharama: OUR ni mtumaji, BEN ni mpokeaji, SHA wanagawana. Anayetaka karo ifike shuleni bila pengo achague OUR, ingawa yeye atalipa zaidi.

Dakika hizo chache nazo zina masharti. Jina la mpokeaji lisipolingana na lile lililosajiliwa kwenye laini, au kampuni ikitaka kitambulisho cha mtumaji, pesa husimama. Kulipa kwa kadi ya mkopo huwa ni balaa la kimyakimya, maana benki iliyoitoa inaweza kuihesabu kama mkopo wa pesa taslimu na kuanza kutoza riba siku hiyohiyo.

Upande wa Machakos pia una gharama. Mama akitoa zile elfu 33 kwa wakala wa M-Pesa atakatwa karibu shilingi 200. Akilipia dukani moja kwa moja kwa simu anaweza kuziokoa. Na zile za kiwanja haziwezi kuingia kwenye simu kwa mkupuo: muamala mmoja wa M-Pesa una kikomo cha shilingi 250,000, na akaunti haibebi zaidi ya 500,000. Hizo ni bora ziende kwenye akaunti ya benki, hata kama zitachukua siku mbili tatu, na muuzaji wa kiwanja aambiwe hivyo mapema.