Swopu ya riba: upande usiojulikana ndio rahisi

Tuseme wewe na benki mna swopu ya riba juu ya shilingi milioni 100, na imebaki miaka miwili. Kila mwisho wa mwaka unailipa benki asilimia 10, nayo inakulipa riba ya soko iliyopangwa mwanzoni mwa mwaka huo. Milioni 100 zenyewe hazihami, ni za kupigia hesabu tu. Leo riba ya soko ni asilimia 8, ya mwaka mmoja na ya miwili. Mkataba una thamani gani?

Upande wa benki unatisha, maana riba ya mwakani hakuna anayeijua. Lakini hebu fikiria una milioni 100 leo. Unaziweka kwa riba ya soko, unachukua riba, unaziweka tena. Mwishoni umepata malipo yaleyale ya benki na milioni 100 zako zipo, riba iende itakavyo. Basi upande huo, pamoja na milioni 100 za mwisho, leo una thamani ya milioni 100 kamili.

Upande wako nao uongezee milioni 100 za mwisho, ili zifutane. Milioni 10 ukigawa kwa 1.08 ni 9.26. Milioni 110 za mwaka wa pili, ukigawa kwa 1.08 mara mbili, ni 94.31. Jumla ni 103.57. Unatoa 103.57, unapokea 100: swopu imekula kwako milioni 3.57.

Ila angalia tarehe. Ile 100 kamili ni ya siku riba inapopangwa upya. Katikati ya mwaka malipo yanayofuata yameshajulikana, kwa hiyo yajumlishe na 100, kisha upunguze kwa miezi iliyobaki.