Kichwa cha slaidi kinahitaji kitenzi

"Niweke nukta ngapi kwenye slaidi moja?" Nimeulizwa Kibaha, nikaulizwa tena Kisarawe, na kila muulizaji tayari ana jibu lake: mistari sita, kila mstari maneno sita. Kanuni hiyo inapokezanwa semina hadi semina kama dawa, na ndiyo inayotuharibia mawasilisho.

Tazama inavyoharibu. Mtumishi wa halmashauri anaandaa taarifa ya mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ile ya 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ana la kusema. Ili atoshe ndani ya maneno sita, anakata, na cha kwanza kukatwa ni kitenzi. Kichwa kinabaki "Marejesho ya Mikopo", na chini yake "Vikundi vya vijana", "Ucheleweshaji wa marejesho", "Changamoto za ufuatiliaji". Diwani anasoma yote na bado hajui fedha zimerudi au la.

Nani amechelewesha? Vikundi, au ofisi iliyochelewa kuvipa fedha? Jina "ucheleweshaji" linamficha mtenda, ilhali kitenzi cha Kiswahili, neno moja tu, kinamtaja pamoja na wakati. "Havijarejesha" inamwambia diwani kwamba deni bado linasubiriwa; "havikurejesha" inamwambia kwamba muda ulipita bila malipo. Hayo ni maamuzi mawili tofauti, na silabi moja ndiyo inayoyatenganisha. Halafu mtu anaikata ili kupunguza maneno!

Kwa takwimu za mfano, kichwa kingekuwa: "Vikundi 7 kati ya 20 vya vijana havijarejesha kwa sababu vilipata fedha baada ya msimu wa kupanda". Nukta zake ni ushahidi tu: "Vikundi vyote 7 vinalima; masika yalianza Machi, fedha ziliingia Mei." "Vikundi 13 vya biashara ndogo vilipata fedha mwezi huohuo na vimerejesha." Nukta ya pili ndiyo inayobeba hoja, maana inaonyesha tatizo ni msimu. Uhaba wa pikipiki za ufuatiliaji, hata kama ni wa kweli, hauthibitishi kichwa hiki. Uende slaidi nyingine.

Ukitaka kupima kichwa, kitangulizie "Mheshimiwa Mwenyekiti, nasema kwamba". "Nasema kwamba Marejesho ya Mikopo" haisemeki. Kikivuka mistari miwili, kina hoja mbili: kigawe. Soma vichwa peke yake kwa mfuatano. Taarifa isipoeleweka, panga upya. Ofisi ikilazimisha vichwa vya fomu yake, kiandike cha fomu kwa herufi ndogo juu, hoja yako kubwa chini yake. Slaidi ya jina na ya ratiba zibaki na mada. Na ukikosa kitenzi cha kuweka, hujajua unachotaka kusema. Rudi kwenye daftari la marejesho kabla ya kufungua kompyuta.