Abiria akishuka kituo siyo Tokyo, geti linaweza kumfungulia, na hapo ndipo hasara inapoanza

Mgeni anayepanda treni za JR jijini Tokyo akigundua kwamba ameshuka kituo kisicho chake, hofu yake ya kwanza huwa geti la kutokea: je, tiketi itakubali au litamfungia mbele ya watu? Mara nyingi geti linafunguka bila shida. Shida ni kwamba likishafunguka, linabaki na tiketi.

Sababu iko kwenye tiketi yenyewe. Kile kikaratasi kidogo chenye sumaku, kinachouzwa na mashine kwa safari fupi, hakina jina la kituo cha kushukia. Kimeandikwa kituo cha kuanzia na kiasi cha nauli, basi. Kwa hiyo geti halijui abiria alitaka kwenda wapi. Linaangalia tu kama pesa aliyolipa inatosha kutoka alikopanda hadi pale alipo. Ikitosha au ikizidi, linafungua. Kilichozidi hakirudishwi.

Chukua mtu anayetoka Shinjuku kwenda Akihabara, eneo maarufu kwa maduka ya vifaa vya umeme. Treni sahihi ni ya njia ya Sobu, yenye mstari wa njano, inayosimama kila kituo. Lakini Shinjuku hiyo hiyo inapita treni ya haraka ya njia ya Chuo, yenye mstari wa rangi ya chungwa. Inaruka vituo vingi na haifiki Akihabara kabisa. Mgeni anaona treni imekuja, anaingia.

Akishtuka mapema, dawa ni rahisi mno. Anashuka Ochanomizu, anavuka upande wa pili wa jukwaa hilo hilo, anasubiri treni ya njano. Kituo kinachofuata ni Akihabara. Hakuna ngazi za kupanda, hakuna geti, hakuna senti ya kuongeza.

Akipitiliza, kinachofuata ni Kanda. Hapa ndipo wengi wanaliwa. Kutoka Shinjuku hadi Kanda ni kilomita 9.0, hadi Akihabara ni 8.6, na umbali wote huo uko ndani ya kiwango kimoja cha nauli. Akienda getini, tiketi inaingia, milango inafunguka, yuko nje. Akitazama juu na kusoma jina la kituo, tiketi imeshamezwa. Akitaka kupanda tena anaanza safari mpya kwa tiketi mpya, hata kama ni kituo kimoja tu. Afadhali atembee: kwa reli ni kama mita 700 tu.

Akizidi kupitiliza hadi kituo cha Tokyo, mambo yanageuka. Sasa ni kilomita 10.3, zaidi ya kilomita 10, na nauli inapanda. Geti linapiga kengele, vibao vinafunga njia. Watu wengi wanaona aibu, kumbe geti limemwokoa: tiketi bado anayo. Kando ya mageti kuna mashine iliyoandikwa Fare Adjustment, lakini hiyo ni ya mtu anayetaka kutokea hapo na kulipa tofauti. Huyu wa Akihabara hana haja nayo. Anarudi ndani, anapanda treni ya kijani ya Yamanote au ya bluu hafifu ya Keihin-Tohoku inayoelekea Ueno, na kituo cha pili ni Akihabara.

Je, kurudi hivyo bila kulipa si wizi wa nauli? Kanuni za JR zina kifungu chake. Abiria mwenye tiketi ya kawaida aliyepitiliza kwa bahati mbaya anaweza kurudishwa bure, mradi mfanyakazi wa reli akubali kwamba ni makosa kweli, apande treni inayofuata isiyo ya mwendo kasi, na asishuke njiani. Akishuka njiani, anadaiwa. Tiketi za mwezi hazimo kwenye huruma hiyo. Kwa hiyo jambo la busara ni kwenda kwenye dirisha la mfanyakazi, lililo pembeni ya mageti, kabla ya kutoka, kuonyesha tiketi na kusema “machigaemashita”, yaani nimekosea. Hata asipojua Kijapani zaidi ya hapo, tiketi mkononi na jina la kituo anachokwenda vinatosha kueleza.

Mwenye kadi ya Suica hana tiketi ya kumezwa, ila mtego wake ni ule ule. Akigusisha kadi kutokea Kanda, anakatwa nauli ya kutoka Shinjuku na safari imefungwa. Akigusisha tena kuingia, hata baada ya dakika moja, mashine inahesabu safari nyingine.