Kitana Kinapokauka: Kuandika Orodha ya Kazi Saluni

Ukiingia saluni nyingi za Dar es Salaam utakuta karatasi ukutani yenye mambo matatu: usafi ni muhimu, safisha vifaa kila siku, leo fedha kesho mkopo. La tatu ndilo linalofuatwa. Mawili ya mwanzo hayafuatwi, na si kwa uvivu wa wasusi. Tatizo ni kwamba hayasemi mtu afanye nini. Akiambiwa "safisha vifaa", msusi mmoja atakung'uta nywele kwenye kitana, mwingine atakiosha kwa sabuni, na wa tatu atakifuta kwa taulo iliyokwisha pita shingoni mwa watu wanne. Muulize yeyote kati yao, atakwambia amesafisha.

Tuchukue saluni ya viti vinne, yenye wasusi watatu na kinyozi mmoja, ambayo mwenyewe anataka orodha ya kazi za kufungua, za kusafisha na za kufunga. Asianze kwa kuandika kurasa tatu. Aanze na kitana, kwa sababu akiweza kukiandikia kitana mstari unaoeleweka, mingine yote ataiweza.

Mapunye ni fangasi. Vimelea vyake hukaa kwenye vipande vya nywele vilivyokatika na magamba ya ngozi, na hivyo ndivyo vinavyobaki katikati ya meno ya kitana na mashine ya kunyolea. Mtoto wa asubuhi akiviacha hapo, wa jioni atavichukua. Kitana kinaweza kung'aa kabisa huku kimevibeba.

Dawa iliyo karibu na kila mtu ni jiki. Ile yenye nguvu ya asilimia 3.5, kama lebo yake inavyosema, huchanganywa kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji, na kitana huzamishwa humo dakika 10. Ndicho kipimo ambacho wahudumu wa afya wamefundishwa kwa miaka mingi. Lebo ikitaja nguvu nyingine, kipimo nacho hubadilika. Lakini kuna jambo linalosahaulika: jiki hupoteza nguvu ikikutana na uchafu. Ukizamisha kitana chenye nywele na mafuta, dawa inaishia kupambana na mafuta. Kwa hiyo sabuni hutangulia. Tena mchanganyiko haulali. Wa jana humwagwa, na wa leo huchanganywa asubuhi na kufunikwa.

Sasa mstari wa kitana unaandikika: "Toa nywele kwenye kitana. Osha kwa sabuni. Zamisha kwenye bakuli la jiki dakika 10. Suuza. Weka kwenye taulo safi kikauke." Kila sentensi ni kitendo kimoja, na mwisho wake kuna kitu cha kuonekana kwa macho: kitana kikavu juu ya taulo safi. Vitana vikiwa vinne tu, dakika hizo 10 zitarukwa siku ya Jumamosi, orodha iseme itakavyosema. Hilo si kosa la msusi. Nunua vitana vingine.

Mashine ya kunyolea ina mstari wake, maana jiki hula chuma. Kinyozi anaichomoa, anatoa nywele kwa brashi, anafuta meno yake kwa spiriti ya asilimia 70 na kuiacha ikauke yenyewe, kisha anatia tone la mafuta. Vile visanduku vyenye taa ya buluu vinavyowapendeza wateja visiandikwe kama njia ya kuua vimelea. Mwanga haufiki kwenye kivuli, na katikati ya meno ya mashine ni kivuli kitupu. Wembe hauandikiwi namna ya kusafishwa: kila mteja wembe mpya.

Chini ya karatasi hiyo pawe na onyo kwa herufi kubwa: jiki haichanganywi na dawa ya kusafishia choo wala na rangi ya nywele yenye amonia. Hewa inayotoka hapo huumiza mapafu, na vyumba vingi vya saluni vina dirisha moja.

Orodha ya kufungua ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Kuangalia yuniti za Luku na kuchanganya jiki ni mambo ya dakika chache. Mstari mzito ni wa maji. Dawa ya kulainisha nywele ina kemikali kali inayounguza ngozi ikipitiliza muda wake, na katika jiji ambalo bomba hukauka bila taarifa, msusi anaweza kujikuta na mteja mwenye dawa kichwani na sinki kavu. Kwa hiyo usiandike "hakikisha maji yapo." Andika: "Ndoo mbili za lita 20 zijae kando ya sinki kabla mteja wa kwanza hajapakwa dawa." Nani atabisha kama ndoo imejaa au la?

Orodha ya kufunga nayo inategemea neno moja. Wengi huandika "zima vifaa vya umeme." Umeme ukikatika saa moja jioni, pasi ya nywele hupoa ikiwa bado imewashwa, na msusi akiigusa anaamini ameizima. Anafunga mlango anaondoka. Umeme ukirudi saa sita usiku, pasi inaanza kupata moto juu ya taulo. Neno sahihi ni "chomoa", na plagi zihesabiwe. Kama saluni ina pasi mbili, draya tatu na mashine moja, basi plagi sita zining'inie kwenye misumari sita. Orodha hii ibandikwe pale pale mlangoni, karibu na swichi, maana iliyofungiwa ndani ya daftari la mapato hakuna atakayeisoma usiku.

Anayedhani orodha ni mambo ya watu wasiojua kazi aikumbuke Ifakara. Shirika la Afya Duniani lilipoijaribu orodha yake ya upasuaji yenye vipengele 19, hospitali ya Ifakara ilikuwa mojawapo ya nane zilizoshiriki, pamoja na za London na Seattle. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: kwa hospitali zote nane kwa jumla, vifo vya wagonjwa waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Madaktari wale walikuwa wakiijua kazi yao tangu mwanzo.

Kabla ya kuibandika, mpe orodha msusi mgeni kuliko wote, ukae kimya umtazame akifanya kazi. Atakapogeuka kuuliza, mstari huo haujakamilika. Ukimwelekeza kwa mdomo umeharibu jaribio lako mwenyewe. Chukua kalamu, urekebishe karatasi.

Halafu kuna ugonjwa wa tiki. Mtu anajaza visanduku vyote saa mbili usiku, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, na kitana hakijaloa. Kumsimamia kutwa nzima huwezi, lakini chupa itakwambia. Kikombe kimoja cha mililita 200 kila asubuhi, siku sita, ni mililita 1,200 kwa wiki, yaani zaidi ya chupa moja na nusu za mililita 750. Andika tarehe kwenye chupa siku unayoifungua. Kama baada ya wiki mbili bado ina dawa, vitana havijazamishwa, hata kama karatasi imejaa tiki.