Mikasi Tisa Kwenye Mistari Mitano

Karatasi ilikuwa na maswali 20 ya nadharia ya muziki, yote yamejibiwa kwa penseli. Nilipomaliza kuisahihisha ilikuwa na vema 11 na mikasi tisa. Mwenye karatasi ni dada mmoja wa sauti ya pili katika kwaya ninayoifundisha. Solfa anaisoma kama mtu anavyosoma gazeti. Mpe wimbo mpya jioni ya leo, ataushika kabla wenzake hawajaipata do. Sasa amejiunga na darasa la kinanda na anajiandaa kwa mtihani wa nadharia, kwa hiyo imembidi ajifunze noti za stafu, yaani zile zinazoandikwa juu ya mistari mitano.

Nusura nimrudishie karatasi hivyo hivyo. Kilichonizuia ni kwamba makosa yake hayakutawanyika. Anayebahatisha hukosa hapa, akapata pale, bila mpango. Huyu alikosea kwa utaratibu, kama mtu anayefuata sheria fulani kwa uaminifu. Basi nikaweka kalamu nyekundu kando, nikaanza karatasi upya, na mbele ya kila mkasi nikajiuliza: alipoandika hivi, alikuwa anafuata sheria ipi?

Alihesabu vichwa

Swali la kwanza la mapigo lilionyesha baa moja yenye krocheti mbili na kwava mbili, likitaka aandike alama ya mapigo mwanzoni. Aliandika 4/4. Baa iliyofuata ilikuwa na krocheti yenye nukta na kwava tatu. Hapo pia aliandika 4/4. Nilipomuuliza, alijibu bila kusita: "Mwalimu, nimehesabu, zipo nne."

Ni kweli, zipo nne. Lakini alama ya mapigo haihesabu noti, inahesabu muda. Tarakimu ya juu inataja idadi ya mapigo katika baa, na ya chini inataja noti gani ndiyo pigo: 4 ni krocheti, 8 ni kwava. Tukichukua krocheti kuwa pigo moja, minimu ni mawili, semibrevi ni manne, na kwava ni nusu pigo. Nukta ikiwekwa mbele ya noti huiongezea nusu ya thamani yake, kwa hiyo krocheti yenye nukta ni pigo moja na nusu. Baa ya kwanza basi ina moja, moja, nusu na nusu, jumla mapigo matatu. Jibu ni 3/4.

Mkasi wa tatu ulitoka kwenye chimbuko hilo hilo. Alipewa noti saba katika 4/4 achore mistari ya baa: minimu, krocheti, krocheti, krocheti yenye nukta, kwava, minimu, semibrevi. Alihesabu noti nne akachora mstari, zikabaki tatu, akaziacha zilivyo. Nikaandika thamani chini ya kila noti kwa penseli. Upande wa kushoto wa mstari wake yalikusanyika mapigo matano na nusu, upande wa kulia sita na nusu. Jumla ni 12, yaani baa tatu kamili. Mstari wa kwanza ulitakiwa baada ya krocheti ya pili, ambapo mbili, moja na moja zinatimiza manne. Wa pili ulitakiwa baada ya minimu iliyofuata, ambapo moja na nusu, nusu na mbili zinatimiza manne tena. Semibrevi inajaza baa ya mwisho peke yake.

Sheria aliyoifuata aliipata wapi? Kwenye solfa. Mwandishi wa solfa hupanga mapigo kwa nafasi katika mstari. Kila pigo lina mahali pake, nukta pacha hutenganisha pigo na pigo, na sauti inayoendelea huandikiwa kistari. Mtu akiona `d : – : r : m` anahesabu nafasi nne na amepata mapigo manne, ingawa sauti ni tatu tu. Kuhesabu vilivyoandikwa ni kuhesabu muda. Katika stafu sauti ile ndefu huwa kichwa kimoja tu, na urefu wake umefichwa katika umbo: kichwa kitupu au kilichojazwa, kijiti, mkia, nukta. Dada huyu alihesabu vizuri, ila kwa sheria ya maandishi mengine.

Baada ya kumweleza, alirudia ile baa ya pili, ya krocheti yenye nukta na kwava tatu. Safari hii alipata jumla ya mapigo matatu, akaandika 3/4. Hapa anayesahihisha anapaswa kutulia, kwa sababu hesabu yake ilikuwa sahihi na jibu halikuwa sahihi. Baa za 3/4 na 6/8 zina muda ule ule wa kwava sita. Tofauti ni jinsi zinavyogawanywa. Katika 3/4 kwava hizo huenda mbili mbili, mafungu matatu. Katika 6/8 huenda tatu tatu, mafungu mawili. Krocheti yenye nukta ni fungu la kwava tatu, na kwava tatu zilizofuata zilikuwa zimefungwa pamoja kwa ukanda mmoja juu ya vijiti. Ukanda ule ndio shahidi. Nilimwambia apige kofi mwanzo wa kila fungu, akapiga mawili, akafuta mwenyewe na kuandika 6/8.

Shapu zilizohamia nyumba isiyo yao

Mikasi miwili iliyofuata ilikuwa kwenye alama za kii. Aliambiwa aandike kii ya D na kii ya A, kwanza katika ufunguo wa G kisha katika ufunguo wa F. Kwenye ufunguo wa G alipata zote. Kii ya D ina shapu mbili, F na C. Aliiweka ya F kwenye mstari wa juu kabisa na ya C katika nafasi ya tatu kutoka chini. Kii ya A inaongeza G, akaiketisha juu ya mstari wa tano. Mpangilio ulikuwa ule unaotakiwa, kwa maana shapu huandikwa kwa zamu isiyobadilika: F, C, G, D, A, E, B.

Kwenye ufunguo wa F alirudia picha ile ile, mahali pale pale. Ukiangalia haraka unaona shapu mbili, kisha tatu, zimepangwa kwa ngazi nzuri, na unaweza kumpa vema bila kukusudia. Lakini zisome kwa majina. Katika ufunguo wa F mstari wa juu ni A, nafasi ya tatu ni E, na juu ya mstari wa tano ni B. Badala ya F, C na G, alikuwa ameandika A, E na B shapu, mkusanyiko usio na kii yoyote.

Tena niliona mkono wa solfa. Mwimbaji wa solfa huambiwa juu ya karatasi kwamba do ni D, na habari imekwisha. Hakuna ufunguo wa kubadilisha maana ya mahali. Soprano na besi wanasoma silabi zile zile. Kwake ile alama kubwa mwanzoni mwa stafu ilikuwa pambo, kumbe ndiyo inayoipa mistari majina. Ufunguo wa G umejizungusha kwenye mstari wa pili, na hapo ndipo G ilipo. Ufunguo wa F una nukta mbili zinazouweka mstari wa nne katikati, na mstari huo ndio F.

Marekebisho yakawa mepesi. Shapu ya kwanza ni F, basi katika ufunguo wa F inakaa kwenye mstari ulio kati ya nukta mbili. Ya C inashuka hadi nafasi ya pili, ya G inaingia nafasi ya nne. Picha ni ile ile, imeteremka mstari mmoja mzima.

Kichwa cha noti na upande wa shapu

Mikasi miwili mingine ilihusu noti ambazo sikuweza kuzisoma. Alichora vichwa vya duara kubwa kama herufi o, na kimoja kilikatwa na mstari wa pili huku kikijaza nafasi iliyo juu yake. Ni G au A? Yeye alijua alichokusudia, mpiga kinanda asingejua. Noti ya kwenye mstari inapaswa kukatwa na mstari katikati yake. Noti ya kwenye nafasi inagusa mistari miwili bila kuivuka. Kichwa kiwe yai dogo lililoinama kidogo. Katika solfa kimo cha sauti hubebwa na herufi, hata ikiandikwa juu au chini kidogo haipotezi maana. Kwenye stafu kimo ndicho jina.

Mkasi wa nane ulikuwa wa shapu iliyowekwa kulia kwa noti. Hilo linatoka mdomoni: tunasema "F shapu", basi mkono unaandika F kisha shapu. Kwenye stafu alama hutangulia, kushoto kwa kichwa, na tumbo lake likae mahali pale pale penye noti, ili mchezaji aione kabla kidole hakijagusa.

Mkasi wa tisa

Wa tisa ulikuwa wangu. Katika swali la 3/4 alitakiwa kujaza baa tupu kwa pumziko. Alichora pumziko la semibrevi, kile kibao cheusi kinachoning'inia chini ya mstari wa nne. Mimi nikajiambia: semibrevi ni mapigo manne, baa ni ya matatu, amekosa. Lakini baa nzima ikinyamaza, iwe ya 2/4, 3/4 au 6/8, huandikwa pumziko hilo hilo. Hapo halina maana ya mapigo manne, lina maana ya baa nzima. Yeye alikuwa ameliona katika kitabu chake cha kinanda akalikumbuka. Mimi ndiye niliyehesabu umbo bila kuangalia linafanya kazi gani, kosa lile lile nililokuwa nikimsahihishia.

Nilifuta mkasi ule nikaweka vema, nikamweleza kwa nini. Kisha, badala ya kuandika majibu sahihi kando ya mengine manane, niliandika mistari minne chini ya karatasi: andika thamani chini ya kila noti kabla ya kuhesabu, taja ufunguo kwa sauti kabla ya kuweka shapu, kichwa kiwe kwenye mstari au kwenye nafasi, kisiwe kwenye vyote viwili, shapu itangulie noti. Nikampa karatasi nyingine yenye maswali ya aina ile ile na noti tofauti.

Aliileta wiki iliyofuata. Chini ya kila noti palikuwa na tarakimu ndogo za penseli, na shapu zote za ufunguo wa F zilikuwa nyumbani kwake. Alikosa moja tu: 6/8 aliyoiita 3/4, yenye kwava sita mfululizo. Niliangalia tena nikaona kwava zile zilikuwa zimechapwa moja moja, kila moja na mkia wake, bila ukanda wa kuonyesha mafungu. Kwa jinsi lilivyochapwa, swali lile lilikuwa na majibu mawili. Nikampa vema.