Si Kila Duara la Ngozi ni Choa

Tuchukue mfano wa binti wa miaka 7, aliyeota duara lenye ukubwa wa sarafu juu ya mguu, karibu na kifundo. Wazazi wakasema ni choa. Wakamtengea taulo na kitanda, wakamzuia asiende madrasa asije akawaambukiza wenzake, na wakampaka dawa ya fangasi kutwa mara mbili. Wiki sita zikapita, duara likabaki vilevile.

Dawa haikuwa na kosa. Lililokosewa ni jina la ugonjwa.

Choa husababishwa na fangasi wanaoishi katika tabaka la juu kabisa la ngozi, ambalo limekwisha kufa. Kwa sababu hiyo ukingo wake huwa na magamba, huwasha, na huambukiza watu kwa kugusana, kwa taulo, au kutoka kwa paka na ng'ombe.

Duara la binti huyu ni la aina nyingine, ambalo madaktari huliita granuloma anulare. Ni vijipele vidogo vigumu vilivyojipanga kama pete, hasa mikononi na miguuni. Huweza kuwa na rangi ya ngozi yenyewe, wekundu, au weusi uliokolea. Chanzo chake hakijulikani, ila ni kinga ya mwili inayochochea uvimbe ndani ya ngozi, chini ya tabaka wanamoishi fangasi. Kwa kuwa uvimbe uko ndani, ngozi ya juu hubaki laini bila magamba. Mara nyingi hauwashi, wala hauambukizi kamwe.

Mzazi na apitishe kidole juu ya ukingo wa duara mahali penye mwanga. Magamba yakionekana, yaelekea ni choa. Ukingo ukiwa laini, na chini yake vikahisika vijipele vigumu kama punje, yaelekea si choa. Dalili hizo hazikati shauri. Mtaalamu hukwangua ngozi na kutafuta fangasi kwa hadubini, na akibaki na shaka hukata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe.

Mambo mawili yanahitaji tahadhari. Kwanza, tusijipakie krimu za steroidi bila kupimwa. Duara likiwa choa, krimu hizo huficha dalili huku fangasi wakienea. Pili, doa lililopoteza hisia likiguswa lipelekwe kituo cha afya bila kukawia, kwani huenda likawa ukoma, ambao nao unatibika.

Granuloma anulare ya mtoto mara nyingi huachwa bila dawa. Kwa wengi hutoweka yenyewe ndani ya miaka miwili, ingawa yaweza kurudi. Madaraka ya tiba, iwapo inasumbua, ni ya daktari. Ama binti yetu, akishathibitishiwa ugonjwa wake, arudi kitandani kwa nduguze na madrasa kwa wenzake.