Uteuzi wa Kitenzi Kisaidizi katika Njeo ya *Plus-que-parfait* ya Kifaransa: Ufafanuzi kwa Kuzingatia Mnyambuliko wa Vitenzi vya Kiswahili

Ikisiri

Kifaransa, kama Kiswahili, huonesha tendo lililokamilika kabla ya tendo jingine lililopita kwa kutumia kitenzi kisaidizi na kitenzi kikuu. Hata hivyo, Kiswahili kina kisaidizi kimoja tu, yaani *kuwa*, ilhali Kifaransa huteua kati ya viwili: *avoir* na *être*. Makala hii inafafanua misingi ya uteuzi huo, inaonesha kwamba sehemu kubwa ya kazi inayofanywa na kisaidizi cha Kifaransa hufanywa na viambishi vya mnyambuliko katika Kiswahili, na inabainisha mahali ambapo ulinganifu huo hukoma. Inahitimisha kwamba kigezo cha yambwa kina nguvu ya ufafanuzi kuliko kigezo cha mwendo kinachozoeleka katika ufundishaji.

1.0 Utangulizi

Tuanze na kosa moja. Mzungumzaji wa Kiswahili anayejifunza Kifaransa anataka kusema: "Nilikuwa nimelipa kabla ya kutia saini." Anajua kwamba *nilikuwa* ni *j'étais*, na kwamba umbo timilifu la *payer*, yaani kulipa, ni *payé*. Anaviunganisha na kupata *j'étais payé*. Sentensi hiyo haina kasoro ya kisarufi, na msikilizaji Mfaransa hatakunja uso. Tatizo ni kwamba inamaanisha "nilikuwa nimelipwa" au "nilikuwa nikilipwa". Aliyetoa fedha amegeuka kuwa aliyezipokea. Alichopaswa kusema ni *j'avais payé*.

Makosa mengi ya sarufi hujitangaza yenyewe kwa sababu hutoa sentensi isiyokubalika. Hili halijitangazi. Katika mkataba, ushahidi au taarifa ya kikazi, linaweza kupita bila kusahihishwa, hasa katika maeneo kama mashariki ya Kongo na Burundi ambako Kiswahili na Kifaransa hukutana katika shughuli za kila siku. Kwa hiyo, inafaa kuuliza: ni nini kinachomfanya Mfaransa ateue *avoir* hapa na *être* pale?

2.0 Muundo na Maana ya Njeo

Hans Reichenbach (1947) alipendekeza kwamba njeo zifafanuliwe kwa nukta tatu: wakati wa kunena, wakati wa tukio, na wakati wa marejeleo, yaani ule ambao mnenaji anautumia kama kituo cha kutazamia tukio. Katika *plus-que-parfait*, tukio hutangulia marejeleo, na marejeleo hutangulia kunena. Tazama jozi ifuatayo:

(1) Tulipofika, treni ilikuwa imeondoka.
*Quand nous sommes arrivés, le train était parti.*

(2) Tulipofika, treni iliondoka.
*Quand nous sommes arrivés, le train est parti.*

Katika (1), kufika kwetu ndiko marejeleo, na treni haikuonekana tena kituoni. Katika (2), kuondoka kunafuata kufika, na huenda tuliiona ikitoka. Lugha zote mbili zinagawana kazi kwa namna inayofanana: kisaidizi hubeba wakati uliopita (*-li-* katika *ilikuwa*, umbo la *imparfait* katika *était*), na kitenzi kikuu hubeba ukamilifu (*-me-* katika *imeondoka*, umbo timilifu *parti*).

Tofauti moja ya kimuundo ndiyo chanzo cha yote yatakayofuata. Katika Kiswahili, kitenzi kikuu hubaki na viambishi vyake vyote: upatanisho wa kiima, yambwa, na kauli. Umbo timilifu la Kifaransa halina nafasi ya viambishi hivyo. *Payé* peke yake haisemi kama kiima kimelipa au kimelipwa. Ni kisaidizi kinachosema. Kiswahili hutenganisha *amelipa* na *amelipwa* kwa *-w-* mwishoni mwa kitenzi kikuu, kwa hiyo *kuwa* haihitaji kubadilika.

3.0 Kisaidizi na Mnyambuliko

Kanuni ya jumla ni kwamba vitenzi vingi vya Kifaransa huchukua *avoir*. Wanaochukua *être* ni kundi dogo la vitenzi visivyo elekezi, kama vile *aller*, *venir*, *arriver*, *partir*, *naître*, *mourir*, *tomber* na *rester*, pamoja na vitenzi vyote vyenye kiwakilishi rejeshi. Kundi hilo hufundishwa mara nyingi kwa jina la "vitenzi vya mwendo". Jina hilo linapotosha. *Courir* (kukimbia), *marcher* (kutembea) na *voyager* (kusafiri) ni vya mwendo bila shaka, lakini huchukua *avoir*: *il avait couru*. *Naître* na *mourir* si vya mwendo, lakini huchukua *être*. Hata kitenzi *être* chenyewe huchukua *avoir*: *il avait été malade*, "alikuwa ameugua".

Kilicho cha kawaida kwa wengi wa kundi hilo ni kwamba kiima hubadilika mahali au hali, na tendo lina kikomo: anayefika hayupo tena alikotoka, na aliyekufa hayupo tena hai. Kukimbia hakuna kikomo cha aina hiyo. *Rester*, yaani kubaki, hakitii maelezo haya na ni lazima kikaririwe.

Ushahidi mzuri zaidi unatoka katika vitenzi vinavyokubali visaidizi vyote viwili:

(3) *Elle était sortie.* Alikuwa ametoka.
(4) *Elle avait sorti les papiers.* Alikuwa ametoa nyaraka.
(5) *Elle était descendue.* Alikuwa ameshuka.
(6) *Elle avait descendu les bagages.* Alikuwa ameshusha mizigo.

*Sortir* na *descendre* hazibadiliki. Kinachobadilika ni kisaidizi, kwa sababu (4) na (6) zina yambwa. Katika Kiswahili, *kuwa* haibadiliki. Kinachobadilika ni shina la kitenzi: *toka* na *toa*, *shuka* na *shusha*. Vivyo hivyo, *rentrer* hutofautisha "alikuwa ameingia ndani" na "alikuwa ameingiza" kitu ndani. Tofauti ya uelekezi inayobebwa na kisaidizi upande mmoja hubebwa na mnyambuliko upande wa pili.

Hali ni hiyo hiyo kwa kirejeshi. *Il avait caché l'argent* ni "alikuwa ameficha fedha", na *il s'était caché* ni "alikuwa amejificha". Palipo na *-ji-*, kwa kawaida Kifaransa kitakuwa na *se* na kisaidizi *être*.

4.0 Mipaka ya Ulinganifu

Msomaji anaweza kushawishika kutunga kanuni nyepesi: kauli ya kutendesha ni *avoir*, kauli ya kutenda ni *être*. Kanuni hiyo hufaulu katika (3) hadi (6), lakini hushindwa hapa:

(7) *Il avait monté l'escalier.* Alikuwa amepanda ngazi.

Hakuna kutendesha katika *amepanda*, hakuna kilichopandishwa. Hata hivyo, Kifaransa kinadai *avoir*, kwa kuwa *l'escalier* ni yambwa isiyo na kihusishi. Bila yambwa hiyo tungesema *il était monté*. Kwa hiyo, kigezo halisi si kutendesha bali kuwapo kwa yambwa. Kutendesha ni dalili tu, kwa sababu kitenzi cha kutendesha kwa kawaida huwa na yambwa.

Mpaka wa pili unahusu kirejeshi. Kifaransa huweka *se* katika vitenzi ambavyo Kiswahili hakivipi *-ji-*: *il s'était levé* ni "alikuwa ameamka", si "alikuwa amejiamsha". Kukosekana kwa *-ji-* hakuthibitishi kukosekana kwa *être*.

Mpaka wa tatu unahusu njeo yenyewe. Kwa baadhi ya vitenzi, *-me-* hueleza hali inayoendelea baada ya tendo kukamilika. "Nilipofika, alikuwa amelala" kwa kawaida humaanisha kwamba alikuwa usingizini, na tafsiri yake ni *il dormait*, kwa *imparfait*. *Il avait dormi* ingesema kwamba usingizi ulikuwa umekwisha. Kabla ya kuuliza kisaidizi kipi, mfasiri hana budi kuuliza kama *plus-que-parfait* inahitajika.

5.0 Uchambuzi wa Mfano

Tuchukue sentensi moja na kuifuata hatua kwa hatua:

(8) Mwenye nyumba aliporudi, mpangaji alikuwa ameshusha mizigo, alikuwa ametoka, na funguo alikuwa amezirudisha kwa jirani.

Tukichukulia kwamba wahusika wote ni wanawake, tafsiri itakuwa:

(9) *Quand la propriétaire est rentrée, la locataire avait descendu ses bagages, elle était sortie, et les clés, elle les avait rendues à la voisine.*

Kurudi kwa mwenye nyumba ndiko marejeleo, na matendo matatu yanakutangulia. *Ameshusha* ina yambwa *mizigo*, hivyo ni *avait descendu*. *Ametoka* haina yambwa, na kiima kimebadilika mahali, hivyo ni *était sortie*, na *-e* ya mwisho inapatana na kiima cha kike. Mtu akiandika *elle avait sorti*, msomaji atangoja kuambiwa alitoa nini.

*Amezirudisha* ndiyo inayodai uangalifu zaidi. Kisaidizi ni *avoir*, kwa hiyo umbo timilifu halipatani na kiima. Lakini limeandikwa *rendues*, kwa wingi wa kike, kwa sababu yambwa *les*, inayorejelea *clés*, imekitangulia kitenzi. Katika *avait descendu ses bagages* yambwa inafuata, na hakuna upatanisho. Kanuni hii, inayowasumbua hata Wafaransa wenyewe, inaweza kumwingia mzungumzaji wa Kiswahili kwa urahisi: *funguo* zilipotangulizwa, *-zi-* iliingia ndani ya kitenzi. *Mizigo* haikutangulia, na hakukuwa na haja ya *-i-*. Masharti ya lugha hizi mbili hayalingani kikamilifu, kwani Kiswahili huweza kutumia kiambishi cha yambwa hata pale yambwa inapofuata kitenzi. Lakini kwa yambwa iliyotangulia, *-zi-* ni ukumbusho wa kutegemeka.

6.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba *être* ya Kifaransa si *kuwa* ya Kiswahili, ingawa zinafasiriana kwingineko. *Kuwa* hubeba wakati tu. Kisaidizi cha Kifaransa hubeba wakati na pia hueleza uhusiano wa kiima na tendo, jambo ambalo Kiswahili hulikabidhi *-w-*, *-ji-*, *-sh-* na viambishi vya yambwa. Mwalimu anaweza basi kuiacha orodha ya "vitenzi vya mwendo" isimame nyuma ya maswali mawili yanayoulizwa kwa mpangilio huu: je, kitenzi kina *se*? Je, kina yambwa? Chenye *se* huchukua *être*. Kisicho na *se* lakini chenye yambwa huchukua *avoir*. Ni pale tu majibu yote mawili yanapokuwa hapana ndipo orodha inapohitajika. Aliyetaka kusema "nilikuwa nimelipa" angejiuliza swali la pili, akaiona fedha iliyolipwa ingawa haikutajwa, na asingejikuta amesema kwamba amelipwa.